Mwongozo kamili kwa mhudumu wa ndege: kumtambua abiria mwenye hofu mlangoni na kumtuliza kabla ya kuruka

Wahudumu wapya hukwama mahali pamoja. Abiria mwenye hofu anagundulika ndege ikiwa tayari inatembea kuelekea njia ya kurukia, analia au anataka kufungua mkanda, na mhudumu mwenyewe yuko kwenye kiti chake, amefunga mkanda, hawezi kusimama. Ukirudi nyuma utakuta dalili zote zilionekana mlangoni, ila mhudumu alikuwa anasoma namba ya kiti kwenye kadi.

Mwongozo huu unafuata safari moja: Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege ya mapangaboi, Dash 8 Q400 yenye viti 76. Wahudumu ni wawili, kwa kuwa kanuni inataka angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Abiria wanapanda kwa mlango wa mbele, mmoja anawapokea pale na mwenzake yuko katikati ya ndege akisaidia mizigo. Kwenye ndege kubwa sauti hubadilika na wahudumu huongezeka, lakini hatua ni hizi hizi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya abiria wa kwanza

- Majibu ya kapteni kwa maswali mawili: tutakuwa angani muda gani, na mtikisiko unatarajiwa sehemu gani ya safari. Uliza kwenye kikao cha kabla ya safari.
- Orodha ya viti vilivyo wazi, hasa vya kando ya njia.
- Mfuko wa kutapikia katika kila kiti. Kagua kwa mkono, usikadirie kwa macho.
- Maji na vikombe vichache karibu na mlango.
- Kalamu na kipande cha karatasi mfukoni.
- Makubaliano na mwenzako kuhusu namna ya kupeana taarifa bila abiria kusikia. Kutaja namba ya kiti na neno moja kunatosha.

Majibu ya kapteni ndiyo muhimu kuliko yote. Mhudumu anayesema "hakutakuwa na mtikisiko wowote" bila kuuliza anaweka rehani maneno yake yote yatakayofuata. Ndege ikitikisika mara moja tu, abiria hamwamini tena.

## Hatua ya 1: Simama mahali unapoiona mikono

Abiria 76 wakipanda kwa dakika 15, kila mmoja anapata kama sekunde 12 mbele yako. Ukizitumia zote kwenye kadi, umempoteza.

Simama ndani ya mlango, kando, bega moja likielekea kwenye viti, ili umwone mtu tangu ngazi ya mwisho hadi anapokupita. Kadi itazame mwisho. Kwanza angalia mikono, kisha pumzi, kisha uso. Uso unaweza kudanganya kwa sababu watu wazima wamezoea kutabasamu hata mioyo ikiwadunda. Mikono haijui kuigiza: inashika reli ya ngazi hadi vidole vinakuwa vyeupe kwenye viungo, inagusa mwili wa ndege karibu na mlango, inakumbatia mkoba kifuani ingawa una mkanda wa begani.

Dalili nyingine za mlangoni ni kusita kwenye ngazi ya mwisho huku watu wakijazana nyuma, kuchungulia chumba cha rubani kwa muda mrefu, au kuuliza hali ya hewa kabla ya kujibu salamu. Kuna pia mzungumzaji asiyenyamaza, anayecheka kila sentensi. Huyo hukosewa mara nyingi, anachukuliwa kuwa mchangamfu.

Jasho lisikupoteze. Dar es Salaam saa nane mchana kila mtu aliyetembea kwenye lami ya uwanja analowa, na ndege ndogo iliyokaa juani huwa na joto ndani. Jasho peke yake si dalili ya kitu chochote. Jasho pamoja na pumzi fupi za juu kifuani ni habari nyingine.

Utajua hatua hii imekwenda vizuri ikiwa, baada ya abiria wa mwisho, unaweza kutaja viti viwili au vitatu vya kwenda kuangalia. Ukitaja kumi, unaona hofu kila mahali. Usipotaja hata kimoja kwenye ndege iliyojaa, jiulize ulikuwa unatazama nini.

## Hatua ya 2: Salamu inayohitaji jibu

"Karibu, karibu, karibu" haikupi taarifa yoyote, maana abiria anaweza kupita bila kufungua mdomo. Toa salamu inayomlazimu ajibu: "Shikamoo mama," "Habari za mchana kaka," "Mzee shikamoo, pole na jua." Sikiliza jibu linachelewa kiasi gani na sauti ikoje. Mdomo uliokauka husikika. Anayejibu "marahaba" baada ya kimya kirefu, macho yakiwa kwenye pangaboi, ameshakueleza mengi.

Kwa yule unayemtilia shaka ongeza swali moja jepesi: "Umesafiri na ndege hivi karibuni?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima. "Unaogopa?" linamvunjia, tena mbele ya foleni. Mzee wa miaka sitini ukimuuliza hivyo atakukatalia kwa ukali, na hutampata tena hadi Mwanza.

Mjibu kwa sentensi moja, mwelekeze kiti chake, na mwahidi jambo utakaloweza kulitimiza: "Kaa, nitapita kwako mlango ukishafungwa." Kisha lazima upite.

## Hatua ya 3: Tenganisha hofu na vinavyofanana nayo

Kosa kubwa liko hapa. Kuna mambo manne yenye sura ya hofu, na kila moja lina matibabu yake.

Ugonjwa. Mtu anayeshika kifua, mwenye maumivu yanayopanda shingoni au kushuka mkononi, au aliyepauka na kutokwa jasho baridi, mchukulie kuwa mgonjwa mpaka ithibitike vingine. Muulize maumivu yako wapi, yameanza lini na anatumia dawa gani. Mwarifu kapteni kabla mlango haujafungwa. Hofu pia hubana kifua, lakini kazi yako si kuamua kuwa ni hofu tu. Ukiwa chini gari la wagonjwa liko karibu; ukishapaa halipo.

Ulevi. Wapo wanaokunywa uwanjani ili wapate ujasiri. Harufu, kuyumba na maneno ya kuburuta vitakuonyesha. Huyu ni suala la usalama hata kama chanzo ni hofu, na uamuzi wa kusafiri naye unafanywa na mhudumu mkuu pamoja na kapteni.

Msiba. Kwenye safari za kwenda mikoani, abiria wengi wa mara ya kwanza wamekatiwa tiketi na ndugu ili wawahi mazishi. Machozi yao si ya ndege. Ukianza kuwaeleza habari za injini unawaudhi. Sema "Pole sana" na uwaache. Baadhi yao wana yote mawili, msiba na hofu, na watakuambia wenyewe ukitulia nao kidogo.

Nia mbaya. Anayekwepa macho yako, anayehama viti, anayefuatilia nyendo za wahudumu au kurudia kugusa mzigo wake anaweza kuwa na hofu tu. Tofauti huonekana mkiongea: mwenye hofu, akipewa nafasi, husogea karibu nawe na kutaka maelezo zaidi. Asipofanya hivyo na moyo wako haujatulia, mwambie mhudumu mkuu, usibaki nalo.

## Hatua ya 4: Jua ni hofu ya aina gani

Nenda kwake watu wakishapungua kwenye njia, kabla ya maonyesho ya usalama. Chuchumaa ili macho yenu yalingane. Ukimsimamia juu, abiria wote wa jirani wanasikia unachosema. Weka mkono kwenye mgongo wa kiti, si begani kwake, mpaka akuruhusu au akushike mwenyewe.

Kisha tambua yuko kundi gani.

Wa mara ya kwanza hajui. Hajui kama dirisha linafunguka, kama choo kipo, kama ndege ikilala upande mmoja ndiyo inaanguka. Huyu dawa yake ni maelezo mafupi, na hutulia haraka.

Mwenye hofu ya muda mrefu anajua mengi mno. Ameshapanda mara nyingi, amesoma habari za ajali, na ukimwambia ndege ni salama kuliko gari atakujibu kuwa analijua hilo. Takwimu hazimsaidii. Kinachomsaidia ni kujua kwamba kuna mtu mmoja anayejua alipokaa, na kwamba kila hatua ina muda wake: "Tutapanda kwa takriban dakika 20, hapo ndipo kelele nyingi. Baada ya hapo nitakuja." Muulize pia, "Mara nyingine nini hukusaidia?" Wengi wana jibu: wengine wanataka kuongeleshwa, wengine wanataka kuachwa na vipokea sauti vyao.

Kwenye safari za Kanda ya Ziwa utakutana na anayetaja ajali ya Bukoba ya Novemba 2022, ndege ilipoingia ziwani na watu 19 wakafariki. Usimwambie haiwezi kutokea tena, na usijifanye hujaisikia. Sema unaelewa kwa nini anaikumbuka, kisha mrudishe kwenye jambo lililo mikononi mwake: jaketi lake la kuokolea liko wapi, mlango wa karibu uko mistari mingapi kutoka kwake, mbele au nyuma. Mhesabie mistari hiyo kwa kidole. Mtu aliyehesabu mistari yake hutulia kuliko aliyeambiwa asiwe na wasiwasi.

Maneno ya kuepuka kabisa: "Usiogope," "Tulia," "Mungu akipenda tutafika," na utani wowote kuhusu rubani. La tatu lina nia njema, lakini mwenye hofu analisikia kama shaka.

## Hatua ya 5: Kiti

Sehemu ya nyuma ya ndege huyumba zaidi kuliko ya karibu na mabawa. Kwenye Q400, hata hivyo, kukaa mkabala na pangaboi kuna kelele na mtetemo zaidi kuliko kwingine. Kwa mwenye hofu ya mtikisiko, tafuta kiti cha karibu na bawa, kando ya njia. Kwa anayeogopa kelele, msogeze mbali na mapangaboi hata kama atatikisika kidogo zaidi.

Usimhamishe bila kumuuliza mhudumu mkuu, naye amwarifu kapteni. Kwenye ndege ya ukubwa huu uzito umegawanywa kwa sehemu, na hesabu imeshaandikwa. Abiria mmoja huenda asibadilishe kitu, lakini anayejua hilo ni kapteni.

Mwenye hofu asikae kwenye kiti cha mlango wa dharura. Anayekaa hapo anatakiwa awe tayari na mwenye uwezo wa kusaidia. Mkimtoa, msimwambie sababu kwa sauti. "Nimekupatia nafasi nzuri zaidi huku" inatosha, tena ni kweli.

## Hatua ya 6: Mtajie sauti kabla hajazisikia

Hapa ndipo kazi yote inapolipa. Sauti uliyoambiwa itakuja, ikija, inathibitisha kuwa mambo yanaenda yanavyotakiwa. Sauti hiyo hiyo bila taarifa ni ndege inaharibika.

Tumchukulie mama wa makamo, amesita mlangoni, mkoba kifuani. Amejibu kuwa leo ndiyo mara yake ya kwanza. Kiti chake kiko dirishani, pangaboi analiona. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mama, nilikuahidi nitapita. Nikueleze utakachosikia?"

"Nieleze mwanangu."

"Tukianza kukimbia, kelele itakuwa kubwa sana na utasukumwa nyuma kwenye kiti. Tukishaiacha ardhi, utaona magurudumu yanapanda na kuingia pale chini ya injini, yatagonga kidogo. Ni milango yake inafunga. Muda mfupi baadaye kelele itapungua ghafla, utahisi kama tunashuka. Hatushuki, bado tunapanda, rubani amepunguza nguvu kama dereva aliyemaliza kilima."

"Itapungua ghafla?"

"Ndiyo. Ukisikia hivyo, ujue mambo yako sawa. Mimi nitakuwa nimekaa pale mbele, nimefunga mkanda, sitaweza kuja. Taa ya mkanda ikizimwa nitakuja."

Mambo matatu tu: kelele kubwa, magurudumu, kelele kupungua. Ukiongeza la nne atasahau la kwanza.

La tatu ndilo linalowatisha wengi zaidi kwenye ndege hii, na ni vizuri wewe mwenyewe ujue sababu. Wakati wa kuruka mapangaboi huzunguka mara 1,020 kwa dakika. Baada ya kuruka rubani huyashusha hadi 900 kwa ajili ya kupanda. Mlio unabadilika mara moja, na mwongezeko wa kasi ukipungua, sikio la ndani linautafsiri kama kushuka. Mama hahitaji namba hizo. Wewe unazihitaji ili useme kwa uhakika.

Sentensi ya mwisho, kwamba hutaweza kuja, usiiache. Abiria anayekuita na kukuona umekaa tu anahesabu kuwa hata wewe umeogopa. Tena, katika dakika za kupanda hutakiwi kupiga simu kwa marubani kwa jambo lisilo la usalama, hivyo usimwahidi "nitamuuliza kapteni" kwa wakati huo.

Dalili ya mafanikio: mkoba unashuka kutoka kifuani na kuwekwa chini ya kiti cha mbele, au anaanza kukuuliza mambo ya kawaida, kama kuna chai.

## Hatua ya 7: Akianza kupumua haraka

Midomo kuchonyota, vidole kufa ganzi na kichwa kuwa chepesi hutokana na kupumua haraka mno: mtu anatoa kaboni dioksidi nyingi kuliko inavyopaswa. Naye huamini anakosa hewa, basi anazidi kuvuta.

Usimwambie "vuta pumzi." Mwambie atoe. Hesabu naye kwa sauti ya chini: kuvuta kwa nne, kutoa kwa sita, mdomo ukiwa kama anapuliza chai ya moto. Fanya pamoja naye kwa dakika mbili au tatu. Miguu yote miwili iguse sakafu. Akiweza kunywa, mpe maji kidogo, na ukusanye kikombe kabla ya kuruka.

Usimpe mfuko apumulie ndani. Kama tatizo ni moyo au mapafu, utamwongezea madhara. Usimpe kidonge chako wala cha abiria jirani, hata kama jirani anasema ni cha usingizi tu. Baada ya dakika chache bila nafuu, au ganzi ikiwa upande mmoja wa mwili, rudi Hatua ya 3 na umtendee kama mgonjwa: kapteni aarifiwe, na oksijeni ya mkononi iwe tayari.

## Hatua ya 8: Akitaka kushuka

Mlango ukiwa wazi, ana haki ya kushuka. Usimbembeleze zaidi ya mara moja, wala usimwambie anachelewesha watu. Mpe muda ulio wazi: "Mlango unafungwa baada ya dakika nane. Kaa hapa mbele, nitakuuliza tena baada ya tano." Wengi wakijua njia ya kutoka bado ipo, hubaki.

Akiamua kushuka, mwarifu mhudumu mkuu mara moja, kwa sababu mzigo wake wa chini lazima utafutwe na kushushwa pia. Kagua kiti na kabati alilotumia asiache kitu. Mlango ukishafungwa, uamuzi ni wa kapteni peke yake, nawe usitoe ahadi.

## Hatua ya 9: Angani na wakati wa kushuka

Taa ya mkanda ikizimwa, nenda kwake kwanza kabla ya kutoa kigari cha vinywaji. Sekunde 20 zinatosha. Ukianza na vinywaji, ahadi yako imekufa.

Safari za mchana hukutana na mtikisiko mdogo juu ya nyanda za kati, ambako ardhi iliyopata joto inasukuma hewa juu. Kama kapteni ameutaja, mwambie mapema na umpe muda wake. Mkanda ubane chini kwenye nyonga. Mkanda uliolegea humfanya aruke kitini, na mtikisiko mdogo unaonekana mkubwa.

Kabla ya kushuka, mtajie mawili: magurudumu yatatoka kwa mlio na kishindo, na kwa Mwanza, kutegemea upepo, huenda akaona maji ya ziwa chini yake karibu hadi ndege inagusa ardhi. Kwa anayekumbuka Bukoba, hili la maji lazima lisemwe, tena kabla hujaenda kukaa. Mwambie uwanja uko pembeni mwa ziwa, ndiyo maana dirishani mwake ataona maji kwanza na lami baadaye. Baada ya kugusa ardhi mapangaboi yatanguruma tena kwa nguvu; yanapunguza mwendo.

Wakishuka, usimpongeze mbele ya watu. Muulize kama ana safari ya kurudi. Kama ipo, mwambie amtaarifu mhudumu atakayempokea mlangoni siku hiyo. Namba ya kiti chake na kilichomsaidia viandike kwenye kile kipande cha karatasi tu ikiwa anaunganisha safari na kuna mwenzako wa kumkabidhi. Vinginevyo kichane.